Kumwomba bosi wa zamani awe mdhamini wako wa kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimesimamia makarani na vijana wa miradi Masasi, Newala na Mtwara mjini kwa miaka mingi kidogo, na kila mwaka napata barua pepe za kuombwa udhamini. Nyingine nazijibu dakika hiyohiyo. Nyingine zinakaa, si kwa ubaya, ila kwa sababu mwandishi ananiachia kazi ya kukumbuka yeye ni nani. Maswali haya ndiyo vijana huniuliza nikikutana nao.

Nilipomwambia bosi wangu wa zamani "naomba uwe mdhamini wangu", alinyamaza. Kwa nini?

Huenda alidhani unakwenda kukopa. Huku kwetu neno mdhamini limezoeleka benki na kwenye vikundi vya kukopeshana: mtu anaweka saini, mkopaji anatoroka, mdhamini anauza baiskeli. Matangazo ya kazi nayo yanatumia neno hilohilo. Yale ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huandika kwamba mwombaji ataje wadhamini watatu wa kuaminika. Wanachotaka ni watu wanaoweza kueleza ulivyofanya kazi. Hakuna anayelipa chochote. Sema hivyo waziwazi ndani ya barua yako, sentensi moja tu. Mimi mwenyewe niliwahi kumkatalia kijana kwa kosa hilo, na nilikuja kujua baadaye.

Si nimpigie simu tu yaishe?

Piga, lakini kwa kumsalimu na kumwambia kwamba unamwandikia. Simu inakubaliwa kwa adabu halafu inasahaulika. Barua inabaki. Mwezi mmoja baadaye, mtu wa ajira akimpigia bosi wako saa nne asubuhi yuko ghalani, atafungua simu yake, atatafuta jina lako, na maneno uliyomwandikia ndiyo atakayoyasoma kabla ya kujibu. Kwa hiyo barua hii ina kazi mbili: leo inaomba, na siku ya simu inakumbusha. Wengi wanaandika kwa ajili ya kazi ya kwanza tu.

Miaka minne imepita. Kwani hatanikumbuka?

Atakukumbuka, ila si vile unavyojikumbuka mwenyewe. Anakumbuka sura, tabia, pengine tukio moja: siku gari lilipokwama, siku ulipochelewa, siku uliyowatuliza wakulima waliokuja na hasira ofisini. Hakumbuki mwezi ulioanza kazi, cheo chako kilivyoandikwa kwenye mkataba, wala vyama vingapi ulivyohudumia. Na hayo ndiyo anayoulizwa kwanza. Mwajiri akisikia "alikuwa nasi, nadhani mwaka 2020 au 2021 hivi" wakati wasifu wako unasema 2022, shaka inakuangukia wewe, si yeye.

Ukikaa chini kuandika, basi, anza na vitu vikavu: cheo, kituo, mwezi wa kuanza na wa kumaliza, na nani mwingine mlikuwa naye. Viwe vilevile kama vilivyo kwenye wasifu wako, hadi mwezi. Halafu mpe kitu kimoja cha kumrudishia picha. Kimoja kinatosha.

Na miradi tuliyofanya pamoja, nimkumbushe vipi?

Hapa ndipo barua nyingi zinapotea. Mtu anaandika: "Tulishirikiana katika miradi mbalimbali na tukapata mafanikio makubwa." Nikisoma hivyo sina cha kumwambia mwajiri. Chagua kazi moja, mbili zikizidi, zinazofanana na kazi unayoomba, na kwa kila moja eleza tatizo lilikuwa nini, wewe ulifanya nini kwa mikono yako, mimi bosi nilifanya nini, na mwishoni hali ilikuwaje.

Nitachukua mfano wa kutunga, lakini wenye sura ya kazi za huku. Dada mmoja alikuwa karani wa takwimu kwenye mradi wa vyama vya msingi vya korosho Newala. Sasa anaomba kazi ya afisa ufuatiliaji katika shirika lililopo Lindi mjini. Wanaojua stakabadhi ghalani wanajua shida iliyokuwapo: korosho zimeuzwa mnadani, fedha zimeingia, lakini malipo ya baadhi ya wakulima yanarudi benki kwa sababu namba ya akaunti imekosewa tarakimu moja, au jina la kwenye daftari la chama si lile la benki. Mkulima amesajiliwa kwa jina la utani ambalo kijiji kizima kinamwita, benki ana jina la ubatizo au la babu. Fedha haiingii, na lawama zote zinamwendea karani wa chama.

Katika vyama tisa alivyohudumia, mnada wa kwanza malipo 212 yalirudi kati ya 1,840. Dada huyu akaanza kupitia orodha na makarani wa vyama kabla haijapelekwa benki. Kila mkulima alikuja na kadi yake ya benki, namba ikasomwa kwa sauti mara mbili, na jina likaandikwa kama lilivyo kwenye kadi. Mnada wa sita yakarudi 17 kati ya 1,310. Bosi wake ndiye aliyekwenda benki kuomba orodha ya yaliyorudi ipatikane mapema badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Bila hiyo orodha, karani asingejua pa kuanzia.

Angalia kwamba ametaja "kati ya". Angeandika tu "kutoka 212 hadi 17", mtu anayejua korosho angeuliza papo hapo: mnada wa sita si mzigo huwa umepungua? Kweli umepungua. Lakini ukipiga hesabu, mwanzoni lilirudi karibu moja katika kila malipo tisa, mwishoni moja katika kila 77. Hesabu inasimama hata ukiisukuma, na bosi akiulizwa hatababaika.

Nionyeshe barua yenyewe basi.

Hii ni ya yule dada. Kichwa cha barua kinaeleza jambo na kumtambulisha, ili hata asipoifungua leo ataipata akitafuta:

> Ombi la kuwa mdhamini wangu wa kazi – karani wa takwimu, Newala, msimu wa 2021/2022
>
> Shikamoo Mama,
>
> Natumaini nyumbani wote hawajambo. Ni mimi karani wa takwimu uliyenisimamia Newala kuanzia Septemba 2021 hadi Machi 2022, yule wa pikipiki na daftari la akaunti.
>
> Naomba ruhusa yako nikuandike kama mdhamini wangu. Ninaomba kazi ya afisa ufuatiliaji katika shirika lililopo Lindi mjini, na mwisho wa kupokea maombi ni tarehe 28. Si dhamana ya fedha. Wakinifikiria, watakupigia simu au kukutumia fomu kuuliza nilivyofanya kazi chini yako.
>
> Kwa kuwa ni muda, nakumbushia kazi ambayo nadhani wataiulizia. Mnada wa kwanza malipo ya wakulima 212 kati ya 1,840 yalirudi benki kwa makosa ya akaunti na majina. Ulikwenda benki ukatuombea orodha ya yaliyorudi tuipate mapema. Mimi nilikaa na makarani wa vyama tisa kuhakiki kila namba na kila jina kwa kadi ya benki kabla orodha haijatoka. Mnada wa sita yalirudi 17 kati ya 1,310. Utakumbuka pia kwamba chama cha kwanza nilikihakiki kwa kupiga simu, nikakosea namba nyingi, ukaniambia nirudi kijijini nizione kadi kwa macho. Tangu hapo sikuhakiki tena kwa simu.
>
> Kazi ya sasa inahitaji mtu wa kukagua takwimu za vijijini, ndiyo maana nimechagua hiyo. Kama kuna nilipokosea kukumbuka, naomba unisahihishe.
>
> Ikiwa una shughuli nyingi, au unaona kuna mwingine anayeweza kunieleza vizuri zaidi, niambie tu, nitaelewa. Ukikubali, naomba namba ya simu, barua pepe na cheo unachotumia sasa ili nikiandike sawasawa. Ningeshukuru nikipata jibu kabla ya tarehe 20.
>
> Nimeambatisha tangazo la kazi na wasifu wangu.
>
> Wako mtiifu,
> (jina kamili kama lilivyokuwa kazini, na namba ya simu)

Ni ndefu kidogo, nakubali. Lakini ombi limekaa juu, na aya ya kumbukumbu ndiyo atakayoirudia siku ya simu.

Kwa nini ajitajie kosa lake?

Kwa sababu ndilo ninalolikumbuka! Bosi hukumbuka alipomrekebisha mtu, na akiona umejifunza, hiyo ndiyo hadithi atakayosimulia. Waajiri nao wana swali lao wanalolipenda: udhaifu wake ni upi? Ukishampa bosi kosa dogo lililokwisha, hatahangaika kutafuta kubwa. Lakini liwe dogo kweli, na liwe limekwisha kweli. Upotevu wa fedha usiutie hapo.

Matokeo yalikuwa ya timu nzima. Nikisema "nilipunguza", ni uongo?

Ukimwandikia mtu aliyekuwepo, ndiyo, na atauona kabla hajamaliza sentensi. Niliwahi kupokea barua ya kijana aliyejipa kazi nzima ya ghala ambayo watu wanne walikesha nayo. Sikumjibu vibaya, lakini aliponipigia mwajiri nilijikuta napunguza kila nilichokuwa nataka kusema. Tenga vitenzi tu: "tulifanya" kwa ya timu, "nilifanya" kwa yako, "ulifanya" kwa yake. Kumtajia bosi sehemu yake kunamfanya akumbuke haraka zaidi, maana sote sehemu zetu hatuzisahau.

Kazi yangu haikuwa na takwimu. Nilikuwa mapokezi.

Basi usitunge. Eleza kilichobadilika ambacho yeye alikiona: kabla yako faili zilikuwa sakafuni, baada yako zilipangwa kwa kijiji na mkaguzi akapata alichotaka siku hiyohiyo. Kama unakumbuka nusunusu, andika "kama sikosei ilikuwa vijiji kumi na kitu" na umwachie arekebishe. Takwimu ya kubuni ina hatari ya ajabu: bosi anaweza kukubali kwa kudhani wewe ndiye unayekumbuka vizuri, halafu mwajiri akauliza mtu wa tatu.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Lugha mliyokuwa mkiongea kazini. Shikamoo ya kweli kwa mtu aliyekulea kazini inapita maneno yote ya kiofisi. Ila kama fomu ya mwajiri itakuja kwa Kiingereza, mwongezee chini mistari mitatu ya kumbukumbu hizo kwa Kiingereza, asilazimike kutafsiri "malipo yaliyorudi" akiwa barabarani.

Nitume lini?

Usingoje tangazo. Likishatoka, mara nyingi umebakiwa na wiki mbili tu, na wewe bado unahangaika na vyeti. Kama bosi wako yuko kwenye korosho, jua kalenda yake: kuanzia Oktoba minada inapochanganya hadi mwaka mpya, mtu huyo halali vizuri, achilia mbali kusoma imeili. Agosti au mwanzoni mwa Septemba ni pazuri. Unaweza kuomba ruhusa ya jumla ("nimeanza kutafuta kazi za takwimu") halafu ukamtumia ujumbe mfupi kila unapomtaja mahali.

Barua imerudi. Gmail inaniandikia "Address not found".

Ni kawaida sana huku. Mradi ukiisha, ofisi inafungwa, na anwani za ofisi nazo zinakufa. Usimwandike mtu kwa anwani ya ofisi iliyofungwa hata kama ndiyo uliyonayo tangu zamani: fomu ya mwajiri itakwenda huko na haitarudi na habari. Tafuta namba yake kwa mliofanya naye kazi, mpigie, umwombe anwani anayoisoma kila siku. Ikiwa ni ya binafsi haina ubaya, mradi cheo chake cha wakati ule na cha sasa vyote viandikwe. Mwajiri anataka kujua alikuwa nani kwako, si anakaa ofisi gani leo.

Imekwenda vizuri, lakini kimya.

Subiri siku tano za kazi. Kisha tuma meseji au Watsapu: "Shikamoo Mama, nilikutumia barua pepe Jumatatu yenye kichwa 'Ombi la kuwa mdhamini wangu'. Huenda imeingia kwenye folda ya Spam. Nikipata jibu kabla ya tarehe 20 nitashukuru, na kama haitawezekana nitaelewa." Ukinyamaziwa tena, tafuta mwingine. Wazee wa huku hawapendi kusema hapana usoni, na kimya cha mara mbili huwa ndiyo hapana yenyewe. Kumwandika mtu aliyekaa kimya ni kujitegea mtego.

Si naweza kumwandika tu bila kumwuliza? Ataniongelea vizuri.

Hapana. Namba na anwani ya mtu ni taarifa zake binafsi, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Hata sheria ukiiweka kando, mtu aliyeshtukizwa na simu husema "eeh, alikuwepo, kijana mzuri", na hapo hajasema kitu.

Tuliachana kwa ugomvi. Nimtaje?

Kama mlipatana baadaye, mwandikie na uguse jambo hilo kwa sentensi moja, bila kujitetea. Kama hamkupatana, mtafute mwingine aliyekuona ukifanya kazi: msimamizi wa chini yake, mhasibu, mwenyekiti wa chama cha msingi. Awe anaweza kutaja ulichofanya. Ndugu hafai, wala mchungaji au imamu hafai peke yake, maana anajua tabia yako lakini hakuwahi kuona kazi yako.

Cheti cha utumishi ninacho. Hakitoshi?

Hicho ni haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma, kwa hiyo kama hukupewa kidai. Lakini kinaonyesha ulikuwepo. Ulifanyaje kazi, hakisemi. Kiambatishe kwenye barua yako kwa bosi hata hivyo: tarehe zote ziko pale, naye hatabishana nazo.

Amekubali, ila anasema "andika mwenyewe barua, niletee nisaini".

Hili linatokea sana, na nalielewa, maana nimelifanya. Lakini barua uliyojiandikia inasikika kama wewe, na akipigiwa simu hatakuwa na maneno yake. Mpe njia ya kati: mwambie utamletea kumbukumbu kwa nukta chache, tarehe, kazi na matokeo, halafu yeye aandike hata nusu ukurasa kwa namna yake. Akisisitiza, andika rasimu fupi yenye mambo tu, bila "hodari", "mwadilifu" na "mchapakazi", na umwombe aongeze sentensi moja ya kwake. Sentensi hiyo ndiyo mwajiri ataisoma mara mbili.

Nikiitwa usaili nimwambie?

Siku hiyohiyo. Meseji ya mistari miwili: shirika gani, kazi gani, na kwamba wanaweza kumpigia wiki ijayo kwa namba asiyoijua. Wengi hatupokei namba ngeni, hasa msimu wa minada ambapo kila mtu anauliza bei. Mkumbushe pia kichwa cha ile barua ya kwanza ili aitafute.

Na nikikosa?

Mwambie vilevile, umshukuru, umwulize kama unaweza kumtaja tena. Wengine hunyamaza kwa aibu, halafu baada ya mwaka wanarudi na ombi jipya, na mimi bado najiuliza kama ile ya Lindi waliipata.